Kurusha gemu kutoka kompyuta ya sebuleni hadi laptopu dhaifu au boksi la TV: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Inawezekana kweli? Laptopu yangu haiwezi hata kufungua gemu lenyewe.

Inawezekana, na laptopu haihitaji kulifungua. Gemu linaendeshwa lote kwenye kompyuta ya sebuleni. Kompyuta ile inachukua picha ya skrini yake mara 60 kwa sekunde, inaibana iwe video, na kuituma kupitia ruta ya nyumbani. Laptopu inapokea video, inaifungua na kuionyesha. Ukibonyeza kitufe, kibonyezo chako kinarudi sebuleni kwa njia ileile. Kwa hiyo laptopu ina kazi mbili tu: kuonyesha video na kupeleka vibonyezo. Ikiwa inacheza filamu bila kukwamakwama, nusu ya safari umeshaimaliza.

Nusu iliyobaki ni njia kati ya vifaa viwili, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Filamu ikichelewa kidogo hujui, kwa sababu kifaa kimeshajiwekea sekunde kadhaa za akiba. Gemu halina akiba. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile 60 za kila sekunde, ina takriban milisekunde 17 za kuishi kabla ya inayofuata kufika, na ikipotea njiani utaona picha inaganda au inachanika.

Kompyuta ya sebuleni inatakiwa iwe na nini?

Iwe na uwezo wa kuendesha gemu lenyewe vizuri, na kadi ya picha iwe na sehemu maalumu ya kubana video. Kadi nyingi za Nvidia zimekuwa na sehemu hiyo tangu kizazi cha GTX 600 cha mwaka 2012. Vichakataji vingi vya Intel vyenye picha za ndani vinayo tangu 2011, na kadi nyingi za AMD pia zinayo.

Neno "nyingi" hapo lina sababu. GT 1030 ya Nvidia haina sehemu hiyo, na RX 6400 na RX 6500 XT za AMD nazo hazina. Ni kadi za bei nafuu, kwa hiyo ni rahisi kukutana nazo. Ukiwa na mojawapo, kichakataji kikuu ndicho kitakachobana video huku kikiendesha gemu, na mara nyingi kitashindwa kimojawapo. Angalia jina la kadi yako kabla ya kufanya lolote.

Nitumie programu gani?

Kuna njia mbili ninazozipendekeza.

Ya kwanza ni Steam. Kama gemu zako zote ziko humo, ingia kwa akaunti ileile kwenye kompyuta na kwenye laptopu, zote zikiwa kwenye ruta moja. Ukifungua gemu kwenye laptopu utakuta kitufe kinachosema "Stream". Kwa boksi la TV unaweka programu ya Steam Link. Karibu hakuna cha kusanidi, na kwa anayeanza ninamshauri aanzie hapo.

Ya pili ni Sunshine kwenye kompyuta ya sebuleni na Moonlight kwenye kifaa kinachopokea. Zote ni za bure, msimbo wake uko wazi, na zinarusha chochote kilicho kwenye skrini, si gemu za Steam pekee. Mimi natumia hii, hasa kwa sababu Moonlight inakuonyesha kwa namba tatizo liko wapi.

Ukisoma mwongozo wa zamani unaokuambia uwashe GameStream kwenye programu ya Nvidia, uache. Nvidia iliiondoa huduma hiyo mwaka 2023. Moonlight imebaki, ila sasa upande wa pili inakuwa Sunshine.

Hatua za Sunshine na Moonlight ni zipi?

Weka Sunshine kwenye kompyuta ya sebuleni, kisha fungua anwani hii kwenye kivinjari cha kompyuta hiyohiyo:

```
https://localhost:47990
```

Kivinjari kitakuonya kwamba ukurasa si salama. Endelea, kwa sababu cheti kimetengenezwa na kompyuta yako mwenyewe na ndiyo maana hakitambuliki. Unda jina na nywila, uviandike mahali.

Kwenye laptopu weka Moonlight na uifungue. Ndani ya sekunde chache jina la kompyuta ya sebuleni litatokea. Libonyeze, upewe namba nne, uziingize kwenye ukurasa wa "PIN" wa Sunshine. Vifaa vimeshajuana, na hutaulizwa tena. Utaona "Desktop" na "Steam Big Picture". Chagua mojawapo na umefika.

Jina la kompyuta halitokei kabisa.

Mara nyingi vifaa haviko kwenye mtandao mmoja, ingawa wewe unaamini viko. Nyumba nyingi zina ruta ya kampuni ya intaneti sebuleni, halafu mwenye nyumba ameongeza ruta yake ili waifai ifike vyumbani. Ruta ya pili ikiachwa ilivyotoka dukani, inatengeneza mtandao wake wa ndani. Intaneti inafika kote, ila kompyuta na laptopu hazionani.

Kutambua ni rahisi. Andika `ipconfig` kwenye Command Prompt ya kila mashine ya Windows na usome mstari wa "IPv4 Address". Kama moja ni 192.168.1.10 na nyingine ni 192.168.100.15, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba kila moja iko kwenye mtandao wake. Ibadili ruta ya pili ifanye kazi ya kupanua tu. Kwenye ruta nyingi mpangilio huo unaitwa "Access Point" au "AP mode".

Sababu nyingine mbili: laptopu imeunganishwa kwenye waifai ya wageni, ambayo kwa kawaida inazuia vifaa kuonana, au Windows ya sebuleni imeuandika mtandao wa nyumbani kuwa "Public". Ubadilishe uwe "Private", kisha ujaribu tena.

Picha inaganda na kuchanika. Laptopu ni mbovu?

Karibu kila mara jibu ni hapana, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakinunua laptopu nyingine kumbe tatizo lilikuwa waifai.

Nichukue mfano wa kwangu. Kompyuta iko sebuleni na kadi ya GTX 1650, ruta iko ukutani mita nne kutoka ilipo. Laptopu ni ya zamani, i5 ya kizazi cha nne, na inatumika chumbani, nyuma ya kuta mbili za tofali za saruji. Jioni ya kwanza gemu la mpira lilikuwa halichezeki: mchezaji anapiga pasi, picha inaganda, ikirudi mpira uko kwa mwingine.

Nilibonyeza Ctrl+Alt+Shift+S ndani ya Moonlight. Juu ya picha hutokea maandishi madogo, na mistari mitatu ndiyo ya kuangalia. "Frames dropped by your network connection" ilisoma asilimia 9. "Average network latency", yaani ucheleweshaji wa mtandao, ilikuwa milisekunde 35. "Average decoding time", yaani muda wa laptopu kufungua fremu moja, ilikuwa milisekunde 4. Laptopu, ambayo kila mtu nyumbani alikuwa ameshaihukumu, ilikuwa inafanya kazi yake bila shida. Fremu zilikuwa zinapotea kabla ya kuifikia.

Vifaa vyote viwili vilikuwa kwenye waifai ya gigahezi 2.4. Watu wengi hawajui kwamba kompyuta na laptopu zikiwa zote kwenye waifai, kila kipande cha video kinapita hewani mara mbili: kwanza kutoka kompyuta hadi ruta, halafu kutoka ruta hadi laptopu. Hewa ni moja, na vifaa vinapokezana kuitumia. Juu ya hapo, gigahezi 2.4 ndiyo inayotumiwa na majirani, Bluetooth na hata jiko la maikrowevu.

Nilinunua waya wa mtandao wa mita tano nikaunganisha kompyuta na ruta. Fremu zilizopotea zikashuka hadi asilimia 3. Nikaihamisha laptopu kwenda waifai ya gigahezi 5, ambayo ruta ile ilikuwa nayo muda wote ila nilikuwa sijaiunganisha. Zikafika sifuri, na ucheleweshaji wa mtandao ukawa milisekunde 4. Sikugusa kitu kingine.

Kwa hiyo fuata mpangilio huo: kwanza waya kati ya kompyuta ya sebuleni na ruta, pili gigahezi 5 kwa laptopu, na kipimo baada ya kila badiliko. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja hutajua lipi limesaidia.

Gigahezi 5 haifiki chumbani kwangu.

Ni kweli, inapenya kuta kwa shida kuliko 2.4, na kuta zetu za tofali za saruji na nondo ni ngumu kwake. Kipimo rahisi ni amri ya ping. Simama na laptopu pale unapochezea, na uandike, ukiweka anwani ya kompyuta ya sebuleni:

```
ping -n 100 192.168.1.10
```

Ikimaliza inakupa muhtasari. Angalia "Lost" na "Maximum" kuliko wastani. Wastani wa milisekunde 5 wenye kilele cha 180 utakupa gemu linaloganda kila baada ya sekunde chache. Bora milisekunde 12 zisizobadilika.

Kama vilele haviishi, pitisha waya juu ya dari. Waya wa Cat5e unafika mita 100 bila kupoteza kitu, na kwa nyumba ya kawaida mita 15 hadi 20 zinatosha. Kifaa cha kurudufu waifai kinachochomekwa kwenye soketi nakishauri mwisho kabisa, kwa sababu vingi vinapokea na kutuma kwenye hewa ileile na kurudisha tatizo la kupita mara mbili.

Nichague ubora gani wa picha?

Angalia kwanza skrini ya kifaa kinachopokea. Laptopu nyingi za zamani zina skrini ya nukta 1366 kwa 768. Kuirushia picha ya 1080p ni kubebesha mtandao mzigo ambao jicho halitauona. Chagua 720p, fremu 60. Moonlight yenyewe itapendekeza megabiti 10 kwa sekunde. Kwa 1080p itapendekeza 20, na kwa 4K itapendekeza 80.

Ukiona fremu zinapotea, punguza megabiti kwanza kabla ya kupunguza fremu kutoka 60 hadi 30. Picha yenye ukungu kidogo kwenye nyasi za uwanja inavumilika. Ukishuka hadi fremu 30, mikono yako itahisi uzito kwa kila kibonyezo.

Kuhusu aina ya video, H.264 inafunguliwa na karibu kila kifaa. HEVC inabana vizuri zaidi, lakini kwa laptopu za Intel ifikirie kuanzia kizazi cha sita tu. Ukiilazimisha kwenye kizazi cha nne kama yangu, kichakataji kikuu kitaingia kazini, feni itapiga kelele na muda wa kufungua utapanda.

Je, hii itakula bando?

Hapana. Video inatoka kwenye kompyuta, inaingia kwenye ruta, inaishia kwenye laptopu. Haitoki nje ya nyumba. Kwa megabiti 20 kwa sekunde, saa moja ni kama gigabaiti 9, na hakuna hata moja inayohesabiwa na kampuni ya simu. Sunshine na Moonlight zinafanya kazi hata intaneti ikiwa imekatika, mradi ruta ina umeme. Kitakachokula bando ni gemu lenyewe likipakua masasisho au likichezwa mtandaoni, na hilo lingetokea hata ukicheza palepale sebuleni.

Kutumia simu kama ruta pia kunawezekana, na bado bando haliguswi kwa video yenyewe. Ila waifai ya simu ni dhaifu na vifaa vyote viwili vitapita hewani, kwa hiyo usitarajie zaidi ya 720p.

Boksi la TV ni bora kuliko laptopu?

Ninazungumzia boksi la Android linalochomekwa kwenye TV ya chumba kingine, si king'amuzi cha chaneli. Linafaa, lakini kadiri lilivyo la bei ya chini ndivyo unavyotakiwa kuwa mwangalifu. Lile nililonunua mwanzo lilikuwa limeandikwa "4K" kubwa kwenye karatasi yake, kumbe lina waifai ya gigahezi 2.4 peke yake. Lilikuwa na tundu la waya wa mtandao la megabiti 100, na hilo ndilo lililoniokoa, kwa sababu megabiti 100 ni nyingi kuliko 20 zinazohitajika kwa 1080p.

Kwenye mipangilio ya Moonlight ya Android, washa "Show performance stats while streaming" na uangalie muda wa kufungua fremu. Chini ya milisekunde 10 ni vizuri sana. Ikizidi 17, boksi linachelewesha kila picha kwa zaidi ya fremu nzima. Jaribu 720p, au badilisha kati ya H.264 na HEVC, maana kwenye baadhi ya maboksi moja inafunguka haraka kuliko nyingine.

Kisha kuna TV yenyewe. TV nyingi zinachakata picha ili ipendeze, na uchakataji huo unaongeza makumi ya milisekunde ambayo Moonlight haiwezi kuyaona wala kuyahesabu. Kama namba zote ni nzuri lakini mkono unahisi gemu ni zito, tafuta "Game Mode" kwenye menyu ya picha ya TV. Kwenye TV yangu hilo peke yake lilikuwa na faida kubwa kuliko kila nilichofanya kwenye boksi.

Wengine wanaweza kuendelea kutazama TV sebuleni wakati mimi nacheza chumbani?

Kutazama TV ndiyo, kutumia kompyuta hapana. Kompyuta ina skrini moja, ambayo ni TV ileile, na gemu limeishika. Ila TV ikihamishiwa kwenye king'amuzi, taarifa ya habari inaendelea na kompyuta inaendelea kurusha. Kwenye mipangilio ya Moonlight kuna "Mute host PC speakers while streaming". Ikiwa imewashwa, kelele za uwanja hazitawavamia waliokaa sebuleni.

Tatizo huja mtu anapozima TV. Kwa baadhi ya TV, kuzima kunaifanya kompyuta iamini kwamba skrini imechomolewa. Ikikosa skrini, Sunshine haina cha kupiga picha, na wewe chumbani unaona giza au unaambiwa muunganisho umeshindikana. Ilinisumbua wiki nzima, kwa sababu ilitokea usiku tu, baada ya mama kuzima TV na kwenda kulala, na asubuhi kila kitu kilikuwa sawa.

Dawa ni plagi bandia ya HDMI, kidude kidogo cha ukubwa wa flashi kinachochomekwa kwenye tundu la pili la kadi ya picha na kuifanya kompyuta iamini kuna skrini. Baada ya kuichomeka, kwenye mipangilio ya Windows chagua skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Usiziache zikipanuana, la sivyo gemu linaweza kufunguka kwenye ile usiyoiona.

Mtandao ni safi kabisa lakini bado gemu linaruka.

Geukia kompyuta. Kadi ya picha ikifanya kazi kwa asilimia 99, haibakizi nafasi ya kuchukua na kubana fremu kwa wakati. Utaona "Host processing latency", yaani muda wa kompyuta kuandaa fremu, inapanda na kushuka. Ndani ya gemu weka kikomo cha fremu 60, hata kama kadi inaweza kutoa 110. Zile 50 za ziada hazirushwi kokote, zinaipasha moto kadi tu. Ikiwa kadi haifikii hata 60, punguza vivuli na ubora ndani ya gemu. Hakuna mpangilio wa Moonlight utakaozalisha fremu ambazo kompyuta haijazitoa.

Padi ya kuchezea niiunganishe wapi?

Kwenye kifaa kilicho mbele yako, yaani laptopu au boksi. Sunshine itaiambia Windows ya sebuleni kwamba padi imechomekwa pale. Tumia waya wa USB kama unaweza. Padi ya Bluetooth inatumia gigahezi 2.4, na ikikutana na waifai ya 2.4 kwenye boksi dogo, vyote viwili vinayumba: mchezaji anaendelea kukimbia ingawa umeshaachia kitufe.

Kuna gemu ambazo haifai kabisa?

Zipo. Mpangilio ukiwa mzuri, njia nzima ya kuchukua picha, kubana, kutuma, kufungua na kuonyesha inaongeza kama milisekunde 20 hadi 30 juu ya kucheza palepale. Kwa mpira, magari, gemu za hadithi na za mikakati, wengi hawaigundui baada ya dakika tano. Kwa gemu za kulenga risasi dhidi ya watu mtandaoni, fremu mbili ndizo zinazoamua nani ameanza kumwona mwenzake, na utakuwa unashindwa bila kujua kwa nini. Hizo mimi nazichezea sebuleni, kwenye kiti kilicho karibu na kompyuta.